Oda Isiyotumwa

Programu ya kununua na kuuza hisa ikishaandikwa, wenye fedha hawaifungulii mlango wa soko siku hiyohiyo. Kwanza huiendesha kivuli. Inapokea bei halisi za sasa hivi na kuamua kama kawaida, ila oda yake inaishia kwenye daftari la kompyuta:

```
10:15:03.120 BUY 200 @ 40.00 SHADOW
```

Jioni daftari hilo hulinganishwa na yaliyotokea sokoni. Linaonekana jambo jepesi, na hapo ndipo wengi hujidanganya.

Tuseme mstari huo ni wa hisa inayouzwa Nasdaq, Marekani. Wanunuzi wanatoa dola 40.00, wauzaji wanataka 40.01. Programu yetu inataka hisa 200 kwa 40.00, bei ambayo haipatikani papo hapo. Inabidi ipange foleni nyuma ya waliotangulia kwa bei hiyohiyo. Mbele yake kuna oda za hisa 8,000. Dakika mbili zinazofuata zinauzwa hisa 5,000 kwa 40.00, kisha bei inapanda hadi 40.06.

Daftari la mzembe litasema: biashara ilifanyika kwa 40.00, kwa hiyo tulinunua, faida dola 12. Uongo. Zamu yetu haikufika.

Saa 10:40 programu inaomba tena hisa 200 kwa 40.00, nyuma ya foleni ileile ndefu. Safari hii bei inaporomoka hadi 39.95. Wauzaji wamemaliza foleni nzima, na sisi tumo. Hapa hakuna ubishi, tumenunua, na tumepoteza dola 10.

Mzembe anafunga siku na faida ya dola 2. Mkweli anafunga na hasara ya dola 10. Si bahati mbaya. Anayesubiri kwenye foleni hupata hisa kwa urahisi pale ambapo kila mtu anazikimbia, na hukosa pale ambapo zilikuwa za kugombaniwa. Kivuli kisichohesabu foleni hukosea kuelekea upande mmoja tu, ule unaotufurahisha.

Kwa hiyo daftari liandike pia hisa zilizokuwa mbele wakati wa uamuzi, na oda ihesabiwe imepata pale tu hisa zote hizo, pamoja na zetu 200, zimekwisha kuuzwa. Wapo wanaoghairi na kuondoka kwenye foleni. Usipojua walisimama wapi, chukulia walikuwa nyuma yako. Ni ukali, lakini ukali wa bure.

Kuna kisichopimika kwa kivuli hata kidogo: oda halisi huonekana na wengine, nao hubadili mwenendo. Oda ya hisa 200 haishtui mtu. Ya hisa 20,000 itawashtua. Ndiyo maana baada ya wiki kadhaa za kivuli hutumwa oda chache halisi, ndogo, huku kivuli kikiendelea pembeni kuandika kinachodhani kimepata.