Kwa Nini Chumba Hakifiki Nyuzi 24
Katika mchoro wa kiyoyozi, duara dogo hutoa nyuzi 24 ulizochagua kutoka kwenye joto lililopimwa. Tofauti huingia kisanduku cha kidhibiti, kisha cha chumba, na mshale hurudisha joto jipya kwenye duara. Kila kisanduku kina kanuni yake; ya chumba huandikwa 1/(τs+1), ambapo τ huonyesha wepesi wa chumba kuitikia.

Tuseme nje ni nyuzi 32, na kila nyuzi moja ya tofauti huamsha ubaridi wa kushusha nyuzi 7. Chumba kitatulia kwenye 25, kwa sababu kikifika 24 tofauti ingekuwa sifuri na ubaridi ungekoma. Kuongeza nguvu ya kidhibiti hupunguza pengo hilo, lakini kipimajoto kikichelewa kusoma, joto litayumba. Angalia kwanza kipimajoto kimewekwa wapi.