Mtungi wa Oksijeni Wodini: Kibao Kiseme Nini?

Vibao vingi vinavyobandikwa karibu na mitungi ya oksijeni huishia kwenye "usivute sigara". Onyo hilo ni sahihi, ila haligusi hatari iliyo mikononi mwa wahudumu wenyewe.

Oksijeni haiwaki. Inachofanya ni kuvifanya vitu vingine viwake upesi na kwa ukali. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni. Oksijeni ikiongezeka kidogo tu chini ya blanketi, cheche ndogo inatosha. Nguo iliyojaa gesi hiyo inahitaji kupungwa hewa robo saa nzima kabla mwenyewe hajasogelea jiko. Mwaka 2021 huko Baghdad, moto uliohusishwa na kulipuka kwa mitungi ya oksijeni uliua zaidi ya watu 80 katika hospitali ya Ibn al-Khatib.

Hatari isiyoandikwa ni mafuta. Vali ikifunguliwa kwa pupa, gesi hukimbilia kwenye nafasi finyu ya regyuleta, ikabanwa na kupata joto kali ghafla. Hapo chembe ya grisi au vazelini iliyotoka kwenye vidole huweza kuwaka bila kiberiti. Kwa hiyo mikono iwe safi na mikavu, vali ifunguliwe polepole, na anayefungua asimame pembeni. Vali ikikaza, isitiwe mafuta kamwe.

Sasa tuchukue usiku mmoja katika kituo cha afya cha Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Saa mbili usiku geji inaonyesha bar 50 kwenye mtungi wa ujazo wa lita 40. Zidisha: kuna lita 2,000 za gesi. Mtu mzima anapata lita 5 kwa dakika, mtoto lita 2. Wote wanatumia mtungi huohuo. Gawanya kwa 7, unapata dakika 285, yaani mtungi utakauka saa saba kasoro robo. Ukiacha akiba ya bar 10, inabidi ubadilishwe kabla ya saa sita kasoro robo. Saa hiyo si ya kuanza kupiga simu Mbarara.

Kadi inayoning'inia shingoni mwa mtungi ingeandikwa hesabu hiyo: bar, mtiririko, saa ya kubadilisha. Mtungi wa akiba uwe umesimama, umefungwa mnyororo, mbali na jiko na mafuta ya jenereta, na usichanganywe na mitupu. Ukianguka vali ikavunjika, huruka kama kombora.

Kuhusu kibao, Nakivale ina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Kiingereza peke yake hakimfikii mama anayewasha mshumaa kando ya kitanda cha mwanawe. Kiwekewe picha, na Kiswahili chini yake.

Na wewe muuguzi unayepokea zamu: usimruhusu mwenzako aondoke kabla hajakutajia saa ya kubadilisha mtungi.