Soli ya Kuinua kwa Mwenye Mguu Mmoja Mfupi

Mfupa wa paja ukivunjika na vipande vyake vikapandana kidogo kabla ya kuunga, mguu huo hubaki mfupi. Mwenye kuumia hutoka hospitali akiwa amepona, gongo likawekwa pembeni, na miezi mingi baadaye watu wa nyumbani ndio huona kwanza kwamba bwana anachopea, na kwamba buti la upande mmoja limelika kisigino kuliko la pili.

Si kila tofauti inayohitaji dawa. Watu wengi wamezaliwa na miguu isiyolingana kwa nusu sentimita au hata sentimita nzima, nao huishi bila kujua. Tofauti ikifika sentimita 2 na kuzidi ndipo mwendo huanza kuharibika: nyonga huzama upande wa mguu mfupi kila hatua, mgongo hujipinda ili kichwa kikae sawa, na goti la mguu mrefu huwa halinyooki vizuri. Kwa askari ambaye kazi yake ni doria ya miguu au kusimama lindo saa nyingi, jioni huja na maumivu ya kiuno.

Kazi ya kwanza ni kupima, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kutazama visigino vya mtu aliyelala kitandani hakutoshi, kwa sababu akilala upande kidogo tu mguu mmoja huonekana mfupi. Njia iliyo bora ni hii. Mgonjwa asimame pekupeku juu ya sakafu iliyo sawa, magoti yamenyooka, uzito umegawanyika miguu yote miwili. Msaidizi apige magoti nyuma yake, aweke viganja juu ya mifupa ya nyonga kulia na kushoto, na macho yake yawe usawa wa mikono. Mkono mmoja utakuwa chini. Basi chini ya unyayo wa upande huo vitiwe vibao vyembamba, au hata madaftari ya shule ya watoto, kimoja baada ya kingine, mpaka mikono ilingane. Urefu wa vibao hivyo ndio tofauti ya miguu. Zoezi hili lifanywe mara tatu, maana mara moja hudanganya.

Kisha utepe wa fundi cherehani utumike kuhakikisha: upimwe kutoka kinundu cha mbele cha mfupa wa nyonga hadi kinundu cha ndani cha kifundo cha mguu, kila upande. Ikiwa utepe unaonyesha miguu sawa lakini nyonga imeinama, ufupi huo ni wa kuonekana tu. Chanzo chake ni uti wa mgongo uliopinda au nyonga iliyokakamaa, na kuinua kiatu bila ushauri wa daktari wa mifupa kunaweza kuzidisha shida.

Tuseme ni konstebo aliyeanguka na pikipiki, mguu wake wa kushoto ukaunga ukiwa mfupi kwa sentimita 3. Fundi asiyejua atamwongezea sentimita 3 zote siku moja, na baada ya juma moja konstebo atarudi akilalamika kwamba kiuno kinauma kuliko zamani. Mwili uliokwisha kuzoea kuinama hautaki kusimamishwa ghafula. Isitoshe, si lazima kufidia tofauti yote. Mtu hutembea vizuri akiachiwa sentimita 1 ya upungufu. Kwa hiyo shabaha ya konstebo huyu ni sentimita 2.

Aanze na kipande cha ndani ya buti, chini ya kisigino, chenye unene wa nusu sentimita. Baada ya majuma mawili kiongezwe kifike sentimita 1. Kipande hicho kikatwe kwa ngozi ngumu, kizibo, au mpira mgumu wa soli. Sponji laini ya godoro haifai hata kidogo: mkononi ina unene wa sentimita 1, lakini chini ya uzito wa mtu mzima hubonyea ikabaki kama karatasi. Kipande kiwe kinene nyuma na kipungue polepole kuelekea katikati ya unyayo, ukingo wake wa mbele ukwanguliwe mpaka usihisiwe na mguu.

Sentimita 1 ni karibu kikomo cha ndani. Ikizidi, kisigino hupanda juu ya ukingo wa kiatu, huchomoka kila hatua na kufanya malengelenge. Kinachobaki lazima kiwekwe nje, chini ya soli, na hiyo ni kazi ya fundi viatu.

Buti lenye soli ya mpira wa kumiminwa halibanduliwi kama kiatu cha kushonwa. Fundi huikata soli kwa ulalo kwa msumeno mwembamba, akiacha tabaka dogo likishika ngozi ya buti, na ile sehemu yenye meno huiweka kando bila kuiharibu. Katikati ndipo huingizwa kipande kipya cha mpira mwepesi wenye vijitundu vidogo, ule ulio mgumu kuliko wa kandambili. Mpira mzito usitumiwe kote, maana buti la kilo nyingi huchosha paja ambalo tayari limedhoofika. Nyuso zote zisuguliwe kwa msasa, zipakwe gundi, ziachwe mpaka gundi isishike kidole, ndipo zigandishwe na kugongwa kwa nyundo. Buti lisivaliwe mpaka kesho yake.

Vipimo vya kipande hicho ndivyo siri ya kazi. Konstebo ametoa sasa kile cha ndani, na nje anawekewa sentimita 2 chini ya kisigino, sentimita 1 mahali vidole vinapoanzia, na karibu nusu sentimita kwenye ncha. Kisigino kikiinuliwa peke yake kwa kiasi hicho, mguu husukumwa mbele kama uliovaa kiatu kirefu cha kike, na msuli wa nyuma wa muundi hufupika. Upande wa vidole nao ukiinuliwa bila kupunguzwa ncha, soli nene haikunjiki, na mvaaji hujikwaa ngazini. Ncha iliyoviringwa kwenda juu humwezesha kubingirika mbele.

Ukingo wa nje nao uachwe mpana kidogo kuliko soli ya zamani. Kiatu kilichoinuliwa kikiwa chembamba chini hupindua kifundo cha mguu penye mawe, na hatari hiyo hukua pamoja na kimo. Tofauti ikizidi sentimita 5 kiatu peke yake hulemea, na daktari wa upasuaji ndiye wa kuulizwa.

Kwa aliyepatwa na polio hesabu ni nyingine. Mguu uliopooza hauwezi kujinyanyua vema, kwa hiyo huachwa kwa makusudi mfupi kidogo ili vidole visikwaruze ardhi, hasa ukivalishwa vyuma. Mtoto naye apimwe upya kila miezi sita, kwa kuwa tofauti hubadilika anavyokua, na soli ya mwaka jana huenda ikawa fupi mwaka huu.

Jambo moja husahauliwa na wake kwa waume. Konstebo akirudi jioni huvua buti na kuvaa kandambili zilizo sawa, akashinda hivyo Jumapili nzima. Kandambili ya kushoto, pamoja na viatu vya kanisani au msikitini, vyote vyahitaji kuinuliwa kwa kipimo kile kile. Kwa kandambili fundi atamaliza kwa muda mfupi, akibandika tabaka mbili za mpira na kuzikata kwa kisu.