Kadi ya insulini kwa nyumba isiyo na friji

Kwenye dirisha la dawa mazungumzo huwa mafupi. "Hizi weka kwenye friji, mama." "Friji sina, sista." Sista hunyamaza kidogo, kisha humwita anayefuata. Kadi anayoondoka nayo mgonjwa inarudia neno lilelile: nyuzi 2 hadi 8. Kwa mtu wa Garissa anayelala chini ya paa la bati, agizo hilo ni kama halikuandikwa.

Agizo lenyewe si uongo. Peni ambayo haijaanza kutumika, ikikaa kwenye ubaridi huo, hudumu hadi tarehe iliyochapishwa na kiwanda. Ila kadi haisemi peni ikitoka kwenye ubaridi inadumu muda gani, na hilo ndilo analotaka kujua mtu asiye na friji. Kwa aina nyingi za insulini, karatasi iliyomo ndani ya kasha husema peni inaweza kukaa nje takriban wiki nne, mradi joto lisipite nyuzi 30. Ziko zinazoruhusiwa zaidi ya hapo, kwa hiyo isome karatasi ya dawa yako au umwombe mtu akusomee.

Je, mahali ambapo mchana hupita nyuzi 30? Swali hili lilichunguzwa huku kwetu. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, wagonjwa wa kisukari walikuwa wakilazimika kufika hospitalini kila siku kuchomwa sindano, kwa sababu hawakuwa na mahali pa kuhifadhi dawa nyumbani. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la ndani ya nyumba za kambi: kiasi cha nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, waliweka aina kadhaa za insulini katika joto la kupanda na kushuka vivyo hivyo kwa wiki nne, kisha wakazipima nguvu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: nguvu iliyopungua haikuzidi asilimia 1. Kwa hiyo joto la kawaida la chumba si adui mkubwa kama tulivyozoea kuambiwa. Maadui ni jua la moja kwa moja, barafu, na tarehe iliyosahauliwa.

Tuanze na tarehe, maana ndipo kadi nyingi zinapokosea. Saa ya wiki nne huanza kuhesabu siku peni inapotoka kwenye friji ya kituo, hata kama bado haijafunguliwa. Tuseme mama mmoja anachoma yuniti 16 asubuhi na 8 jioni. Kila anapochoma hutoa kwanza yuniti 2 za kujaribu peni, kwa hiyo kwa siku anatumia 28. Peni ya yuniti 300 itamfikisha siku ya kumi na moja asubuhi, na jioni yake haitatosha. Peni tatu ni mwezi mmoja na siku chache, yaani ile ya mwisho itavuka wiki nne kabla haijaisha. Afadhali achukue mbili, ya tatu ibaki kwenye friji ya kituo hadi aifuate. Mtoto anayetumia yuniti 6 kwa siku kwa sindano moja yuko katika hali nyingine: pamoja na zile 2 za kujaribu, peni yake ingemchukua zaidi ya siku 37. Huyo atafikia siku ya 28 peni ikiwa bado na dawa, na hana budi kuitupa. Inauma, lakini ndivyo ilivyo. Bandika plasta kwenye mwili wa peni na uandike tarehe iliyotoka kwenye baridi.

Pa kuiweka sasa. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, mchanga umwagiwe maji asubuhi na jioni, na juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka kupitia udongo huchukua joto na kuondoka nalo. Peni ikae katika kikopo kikavu chenye mfuniko, isiguse maji. Chungu kiwekwe kivulini, penye upepo, mbali na jiko. Garissa, ambako hewa ni kavu, chungu kinaweza kushusha joto kwa nyuzi kadhaa na ukaona tofauti kubwa. Mombasa na Lamu usitarajie hivyo. Hewa ya pwani imejaa unyevu tayari, maji hayakauki haraka, na pengine utapata nyuzi mbili au tatu tu. Ndiyo maana kadi moja haifai nchi nzima. Kipimajoto kidogo kikiwekwa ndani ya chungu na kusomwa saa tisa alasiri kitakuambia ukweli wa nyumba yako kuliko maneno ya mtu yeyote, yangu yakiwemo.

Barafu ya muuza samaki iache. Insulini ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Safarini usiiweke mbele ya kioo cha gari wala chini ya kiti cha pikipiki. Iweke kwenye mkoba unaoubeba mwenyewe, ndani ya kitambaa.

Wakati wa kuchoma, tazama dawa kwanza. Ile ya maji maji lazima iwe angavu kama maji ya kunywa. Ile nyeupe ya mchanganyiko ibiringishe polepole viganjani mara kumi, kisha igeuze juu na chini mara kumi, hadi weupe uwe sawa kote. Funga sindano mpya, zungusha hadi 2, elekeza juu, bonyeza. Tone likionekana peni iko tayari, lisipoonekana rudia. Weka dozi yako, choma tumboni au pajani, pahali tofauti na pa jana, bonyeza hadi mwisho, na uhesabu polepole hadi kumi kabla ya kuchomoa.

Kisha fungua sindano uitupe kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Penye joto jambo hili lina uzito wa pekee. Mchana dawa hutanuka na kudondoka kupitia sindano iliyoachwa. Usiku hunywea na kuvuta hewa. Kesho yake unachoma viputo ukidhani unachoma dozi kamili.

Dawa angavu ikipata ukungu, au nyeupe ikafanya mabonge au kuganda kama chumvi kwenye kuta za kioo, imekwisha. Lakini kuna kuharibika kusikoonekana. Dalili yake ni sukari kupanda siku kadhaa mfululizo ilhali chakula na dozi havijabadilika. Hapo badilisha peni, na usijiongezee dozi mwenyewe: ukizoea yuniti nyingi za dawa dhaifu, siku utakapofungua peni yenye nguvu sukari yako inaweza kushuka hadi uanguke.

Na jambo hili liandikwe kwenye kadi kwa herufi kubwa kuliko yote: usiache kuchoma kwa sababu peni imepata joto. Kama hakuna nyingine, tumia hiyo hiyo, pima sukari mara nyingi zaidi, na utafute mpya siku hiyohiyo. Ukianza kutapika, kuhema kwa nguvu au kupata usingizi usio wa kawaida, nenda hospitali bila kungoja asubuhi.