Muchuruzi wa mazao: ni matumizi gani unaweza kutosha mbele ya kuhesabu faida ya kodi?



Wengi kati yenu munalima, lakini munafanya pia uchuruzi wenu wenyewe pembeni: kununua maharagi ku vijiji, kuyaweka ku depo, kisha kuyauzisha mjini. Uchuruzi huo si wa koperative. Ni wa mutu mumoja, kwa jina lake, na ni yeye mwenyewe anayepaswa kujaza deklarasyo ya kila mwaka kwa DGI. Katika mikutano yetu swali moja lilirudi mara nyingi: "Katika feza nilizotosha mwaka muzima, ni zipi Leta inakubali nipunguze mbele ya kusema hii ndiyo faida yangu?"

Kwanza angalia kama swali hilo linakuhusu kweli. Ordonansi-loi nambari 13/006 ya tarehe 23 mwezi wa 2 mwaka 2013 iliweka njia nyepesi kwa wachuruzi wadogo. Kwa ordonansi-loi hiyo, yule ambaye mauzo yake ya mwaka hayakupita milioni 10 za franka alilipa kiasi kimoja kilichopangwa. Yule aliyekuwa kati ya milioni 10 na milioni 80 alilipa 1% ya mauzo kama aliuzisha vitu, ao 2% kama alifanya kazi za huduma. Katika njia hizo mbili matumizi hayaingie kabisa. Hata ukileta karatasi za kamio sanduku nzima, hazibadilishe kodi, kwa sababu wanahesabu mauzo tu, si faida. Mipaka hiyo inaweza kubadilishwa na sheria ya feza ya mwaka, basi ulizeni kila mwaka ku ofisi ya DGI mbele ya kujaza.

Kuhesabu faida ni kazi ya yule aliyepita mupaka. Na watu wanaupita bila kujua, kwa sababu wanaangalia kile kinachobakia mufukoni, lakini mupaka unaangalia mauzo yote.

Kanuni ya kutosha matumizi iliandikwa ndani ya Ordonansi-loi nambari 69/009 ya tarehe 10 mwezi wa 2 mwaka 1969. Kwa maneno yetu ilisema hivi: unatosha yale uliyotumia ndani ya mwaka ule, kwa kusudi la kupata mapato ya kazi na kuyalinda. Kwa hiyo, kwa kila feza iliyotoka, ulizeni maneno matatu. Ilitumika kwa kazi, ao kwa nyumba? Ni ya mwaka huu? Na karatasi yake iko wapi?

Tuchukue mufano. Mama mumoja, tumuite Mama Depo, alinunua kilo 40.000 za maharagi kwa franka 2.000 kilo moja, maana yake milioni 80. Mwaka ulipoisha alikuwa ameuzisha kilo 36.000 kwa franka 2.800, maana yake franka 100.800.000. Amepita mupaka. Katika buku yake aliandika matumizi haya: kukodi depo 1.800.000, mulinzi 2.400.000, kamio 5.000.000, magunia na kamba 800.000, moto aliyonunua mwezi wa 1 kwa 4.200.000, esansi ya moto 1.500.000, kurudisha mukopo 6.900.000, masomo ya watoto 1.200.000, amande moja 300.000, na "barabarani" 700.000. Alijumlisha yote, akapata 24.800.000. Akatosha ile milioni 80 ya kununua, akatosha tena hii 24.800.000, akaona asara ya milioni 4. Akasema: "Sina kodi, nilikula asara."

Hapana, Mama. Twende pole pole.

Tuanze na maharagi yenyewe, maana ndipo feza nyingi iko. Alinunua kilo 40.000 lakini aliuzisha 36.000. Kilo 4.000 zilikuwa bado ndani ya depo tarehe 31 mwezi wa 12. Hizo si matumizi ya mwaka huu. Ni mali iliyobakia, na thamani yake ni milioni 8 kwa bei aliyonunua. Zitaingia katika hesabu ya mwaka utakaofuata, wakati atakapoziuzisha. Kwa hiyo hawezi kutosha milioni 80, anatosha milioni 72 tu. Kisha milioni 100,8 bila milioni 72 inaacha 28.800.000. Ndiyo sababu tunawaomba mupime depo siku ile ya mwisho wa mwaka, muandike kilo na bei, na kutia sahihi. Yule asiyepima hana namna ya kuonyesha ni kilo ngapi ziliuzishwa na ngapi zilibakia.

Kukodi depo, mulinzi, kamio na magunia: hapo hakuna shida, kama karatasi ziko. Jumla yake ni milioni 10. Neno moja tu juu ya depo. Kama chumba ni cha Mama mwenyewe, hawezi kuandika kwamba "amejikodisha". Sheria hiyo ilikataa kuhesabu kodi ya nyumba yako mwenyewe kama matumizi. Lakini kutengeneza bati la depo hiyo na kulipa taa yake, hayo anaweza kutosha.

Mukopo ndio unadanganya watu wengi. Alirudisha 6.900.000: milioni 6 ni feza aliyokopa, na 900.000 ni faida ya mukopeshaji. Siku alipopokea ile milioni 6 hakuiandika kama mauzo, na hakukosea, kwa sababu haikuwa mapato. Basi siku anapoirudisha si matumizi. Anatosha ile 900.000 tu. Tena inaomba mukopo uwe uliingia kweli ndani ya uchuruzi. Kama nusu yake ililipa mahari ya mutoto, basi nusu ya ile 900.000 nayo inabakia ya nyumba. Mumuombe mukopeshaji karatasi inayotenganisha hizo feza mbili, maana resi nyingi zinaonyesha jumla tu.

Moto inaomba maneno mawili. La kwanza: moto haiishi katika mwaka mumoja, basi bei yake haitoshwe yote kwa mara moja. Inagawanywa kwa miaka ya matumizi yake ya kawaida. Tukihesabu miaka 5, ni 840.000 kwa mwaka. (Kama angeinunua katikati ya mwaka, angehesabu miezi aliyoitumia tu.) La pili: moto ile inabeba Mama kwenda ku vijiji kununua, lakini siku ya yenga inabeba familia kanisani, na kijana anaitumia kwa mambo yake. Tulimuomba Mama aandike kilometre kwa muda fulani. Kwa kilometre 300, kazi ilichukua 200. Basi kazi inabeba sehemu mbili juu ya tatu: 560.000 kwa moto na milioni 1 kwa esansi. Sehemu inayobakia ni ya nyumba. Watu wanaogopa kugawanya namna hii, wakiona kama wanajiibia. Sisi tunaona ni kinyume: yule anayeandika esansi yote ya nyumba ndani ya kazi anampa mukaguzi sababu ya kutilia mashaka karatasi zingine zote.

Masomo ya watoto yanaanguka yote. Sheria hiyo ilitaja wazi matumizi ya nyumba na ya masomo kati ya yale yasiyotoshwa. Amande nayo inaanguka, hata kama ilipatikana njiani wakati wa kazi. Na kama Mama angejiandikia mushahara wa kila mwezi, ungeanguka pia: faida ndiyo mushahara wa mwenye uchuruzi, hawezi kuitosha ndani yake yenyewe. Mulinzi ni tofauti, kwa sababu ni mutu mwingine, na anatia sahihi kila mwezi anapopokea.

Inabakia ile 700.000 ya "barabarani". Tunajua nyote munaijua. Mama aliitoa kweli, tena kwa kazi, lakini hakuna resi. Ile peaje yenye tikiti anaweza kutosha. Ile ya mukono kwa mukono, hapana. Inauma, lakini mutu hawezi kutosha kitu ambacho hakuna karatasi inayokishuhudia.

Basi hesabu yake inakuwa hivi. Katika 28.800.000 anatosha milioni 10 za depo, mulinzi, kamio na magunia, 900.000 ya mukopo, 560.000 ya moto, na milioni 1 ya esansi. Jumla ya matumizi yanayokubaliwa ni 12.460.000. Faida ya kodi ni 16.340.000. Kutoka asara ya milioni 4 mupaka hapo ni mbali sana, na hakuna senti hata moja iliyozidi mufukoni mwake. Feza zilienda ku deni, ku moto, ku masomo, na ku maharagi yaliyo depo. Kwa hiyo, Mama anapaswa kuweka feza ya kodi pembeni tangu mwanzo, kwa sababu mwisho wa mwaka haitakuwa kwenye kisanduku.

Jambo moja lingeweza kuharibu hesabu hii yote: ile milioni 72 ya kununua. Mukulima wa kijijini hana fakitire. Mukaguzi akiuliza maharagi yalitoka wapi, na Mama anaonyesha buku tu yenye "Jumatatu, kilo 600", anaweza kukataliwa manunuzi yenyewe, ambayo ni makubwa kupita matumizi mengine yote pamoja. Deklarasyo isiyo na ushuhuda inaweza kurekebishwa na DGI, na yule asiyeleta deklarasyo kabisa, DGI inamukadiria yenyewe.

Kwa hiyo nunueni kitabu cha bono chenye karbone, kilichopigwa nambari. Kila mara munaponunua, andikeni tarehe, jina la mukulima, kijiji chake, telefone kama anayo, kilo, bei ya kilo na jumla. Anatia sahihi ao kidole. Yeye anabakia na karatasi moja, wewe na ingine. Munaponunua kwa koperative ni rahisi zaidi: ombeni fakitire yenye jina lenu, si jina la dereva wa kamio wala la ndugu aliyewasaidia kubeba. Makarani wa depo za koperative, tafadhali andikeni jina hilo vizuri. Tumeona fakitire zilizoandikwa "Mama Mnunuzi" peke yake, na hiyo haimsaidie mutu yeyote.

Karatasi hizo zikae miaka 10, kama sheria ya hesabu ya OHADA inavyoomba. Ziwekeni ndani ya bidon iliyofungwa vizuri, mbali na panya na mvua, mwaka mumoja katika bahasha moja, na bono zifuate nambari zake.