Mwaliko Unaofika Mpaka Getini

Kadi ya mwaliko wa sherehe ya mtoto husomwa na mtu mmoja na kutekelezwa na mwingine. Mama ndiye anayeipokea kwenye simu Jumatatu akiwa kazini. Jumamosi ikifika, mama ana msiba wa jirani, kwa hiyo anayempeleka mtoto ni baba, au dada wa nyumbani, au mjomba aliyekuja juzi kutoka Morogoro. Na anayetafuta nyumba yenyewe si hata huyo, ni kijana wa bodaboda au dereva wa bajaji anayesimama kila kona kuuliza, “Wamesema kushoto au kulia?” Ukiuandika mwaliko kwa kumfikiria mama peke yake, jiandae kupokea simu mchana kutwa huku mafuta ya sambusa yanaungua.

Tuchukue mfano wa sherehe moja Goba, Dar es Salaam. Mtoto tumwite Amani, anatimiza miaka mitano, na wazazi wake wanaalika watoto wa darasa lake. Ujumbe wa kwanza ambao mzazi yeyote angeuandika ni huu:

“Habari wazazi. Mnakaribishwa kwenye bethidei ya Amani Jumamosi hii saa 9, nyumbani Goba. Karibuni sana.”

Ni ujumbe mzuri wa adabu, ila haumfikishi mtu popote. Saa 9 ndiyo ya kuanza au ya kula? Jumamosi hii ni kesho kutwa au ya wiki ijayo? Goba ni kubwa, na mtu anaweza kuingia akitokea Mbezi Mwisho, akitokea Makongo, au akikatia Tangi Bovu. Tena wadogo zake mgeni waje au wabaki?

Tuanze na saa, maana ndiyo yenye mtego usioonekana. Wengi siku hizi wanatengeneza kadi kwa simu, yenye picha ya mtoto na maputo, na kadi hizo huja na nafasi ya kuandika muda kwa mtindo wa Kizungu. Kadi inaandikwa 3:00 PM, kisha mtu anaifupisha kwenye kundi la wazazi: “Msisahau, saa 3.” Aliyeiona kadi anajua ni saa tisa alasiri. Ambaye hakuifungua, labda kwa sababu kifurushi chake kilikuwa kimeisha, anamvalisha mtoto mapema na kubisha hodi saa tatu asubuhi, mama mwenye sherehe yuko na kanga anakuna nazi. Dawa yake ni kuandika saa pamoja na sehemu ya siku, kila mara, hata unapokumbushia tu: saa 9 alasiri. Kama kadi ina tarakimu za Kizungu, andika chini yake kwa maneno. Na usiandike “Jumamosi hii” bila tarehe.

Mtego wa pili wa saa tunaujua wote. Ukisema saa 9, wenye watoto wadogo watafika saa 9 na nusu, wengine saa 10 na robo, na wapo watakaokuja wakati mnafagia. Waandaaji wengi hujibu kwa ujanja wa kudanganya: wanataka watu saa 9, wanaandika saa 8. Siupendi ujanja huu. Wageni wakishaugundua mara moja, mwaka ujao wataongeza saa yao wenyewe juu ya yako, halafu wale wachache wanaofika kwa wakati ndio wanaoadhibiwa kwa kukaa kwenye viti vya plastiki bila hata maji.

Kinachofanya kazi ni kutaja saa tatu: ya kupokea watoto, ya kukata keki, na ya kuwachukua. Mzazi akisoma “keki itakatwa saa 10 na nusu” anajua mwisho wa kuchelewa kwake ni upi, kwa sababu hakuna mtoto anayekubali kukosa keki. Saa 10 na nusu pia inampa nafasi anayeswali alasiri kuswali kwanza. Nayo saa ya kuwachukua iwe saa 12 jioni, kwa sababu ya giza. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi, na kumrudisha mtoto wa miaka mitano kwa bodaboda gizani kwenye barabara ya vumbi ni jambo ambalo mzazi mwangalifu atalikataa kwa kutokuja kabisa.

Sasa njia. Hapa ndipo wengi wanapoandika kwa jicho la mwenyeji. Mwenyeji anasema “ukifika kwenye kona ya chipsi ingia kushoto, geti jeusi.” Kibanda cha chipsi hufunguliwa jioni tu, saa 9 alasiri ni meza tupu iliyofunikwa turubai. Kushoto kwa anayetokea Mbezi ni kulia kwa anayetokea Makongo. Na geti jeusi, mtaa mzima una mageti meusi.

Maelekezo yanayosomeka yanaanza mahali ambapo dereva yeyote anapajua, kwa kawaida kituo cha daladala, na yanasema mgeni anatokea upande gani. Kisha yanatumia alama zisizohama: msikiti, kanisa, shule, transfoma, tangi kubwa la maji. Yanataja umbali kwa kitu kinachohesabika, kama “njia ya tatu” au “nyumba ya nne”, kwa sababu “mbele kidogo” ya mwenyeji inaweza kuwa nusu kilomita. Halafu kuna sentensi moja ambayo karibu kila mtu anaisahau, nayo ndiyo inayookoa watu wengi kuliko zote: mgeni atajuaje kwamba amepita? “Ukiona lami imeishia, umetupita, geuza.” Bila sentensi hiyo mtu ataendelea kwenda mbele akitumaini, mpaka atokee mtaa mwingine.

Lokesheni ya simu inasaidia, lakini ina kasoro zake. Itume ukiwa umesimama nje getini, si ukiwa sebuleni. Ndani ya nyumba simu mara nyingi hukosea kwa makumi ya mita, na kwenye makazi yaliyobanana hizo zinatosha kumweka mgeni wako mtaa wa nyuma, ambako anauona ukuta wenu na kusikia muziki lakini hana pa kuingilia. Chagua ile lokesheni ya kudumu. Ile ya kumfuata mtu anavyotembea, WhatsApp huizima baada ya muda uliouchagua, na mrefu zaidi ni saa nane. Ukiituma Ijumaa usiku, Jumamosi alasiri haipo. Pia pitia mwenyewe njia ambayo ramani inaipendekeza. Ramani hupenda mkato, na mkato wa Goba unaweza kushuka korongoni mahali ambapo kiangazi bajaji inapita vizuri na masika haipiti kitu. Kama ndivyo, andika wazi: “Ramani itakupeleka njia ya bondeni, usiifuate.”

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na mitaa mingi ina jina kwenye nguzo. Andika namba yako, haigharimu kitu, na mgeni akishafika mtaani inamthibitishia kwamba geti ni lenyewe. Ila usiitegemee peke yake. Bodaboda wa kijiweni anaujua mti wa mwembe kuliko anavyolijua jina la mtaa.

Maputo mawili ya rangi moja yafungwe kwenye kona ya kuingilia na mengine getini, na ujumbe uitaje rangi hiyo. Wiki hiyohiyo jirani naye anaweza kuwa na sherehe.

Nini waje nacho? Desturi yetu inaona haya kuandika neno zawadi, na ni haya nzuri. Mgeni anajua asije mikono mitupu, huna haja ya kumkumbusha. Kinachopaswa kuandikwa ni vile vitu ambavyo mgeni hawezi kuvibuni. Kama mmekodi jumba la kujaza upepo la kurukia, watoto watavuliwa viatu, kwa hiyo waje na soksi. Kama kuna bwawa la plastiki, nguo za kubadili na taulo, vyote vimeandikwa jina, la sivyo jioni mtabaki na kaptura sita za bluu zisizo na mwenyewe. Kama mnajua wapo wanaobanwa kifedha na wataacha kuja kwa kukosa zawadi, mstari mmoja unatosha: “Zawadi si lazima, tunamtaka mtoto.”

Kuna na mambo ambayo mgeni alete kwa maneno kabla ya siku yenyewe: idadi, na vyakula vinavyomdhuru mtoto. Karanga na mayai ndivyo vya kuulizia kwanza, kwa sababu vinajificha ndani ya keki na kashata. Weka siku ya mwisho ya kujibu inayolingana na siku ya kuagiza keki. Wengi wetu tunanunua keki kwa kilo, na fundi akishapata oda hutaki kumpigia tena Ijumaa usiku kwamba wameongezeka kumi. Kumi hao huwa ni wadogo zao na wageni, kwa hiyo sema mapema kama mnawakaribisha.

Ujumbe wa Amani ukiandikwa upya unakuwa hivi:

“Habari za leo wazazi wenzetu. Amani anatimiza miaka 5 na anawaalika wenzake Jumamosi tarehe 14, nyumbani Goba. Tunapokea watoto saa 9 alasiri, keki saa 10 na nusu, kuwachukua saa 12 jioni. Wadogo zao karibuni, tuambieni tu idadi.

Njia: shuka kituo cha Mwembeni. Ukitokea Mbezi Mwisho, ingia mkono wa kushoto pembeni ya msikiti. Ukitokea Makongo, mkono wa kulia. Hesabu njia ya tatu kulia, yenye transfoma. Nyumba ya nne, maputo ya njano. Ukiona lami imeishia, umetupita.

Waje na soksi na nguo ya kubadili. Kuna asiyekula karanga, mayai au chochote? Tujibuni kabla ya Jumanne jioni. Ukipotea, piga kwa baba Amani, siyo mama, yuko jikoni.”

Namba ya baba inafuata hapo, na iandikwe kama maandishi. Iliyo ndani ya picha ya kadi haibonyezeki, na dada wa nyumbani ataanza kuinakili tarakimu moja moja huku yuko juu ya pikipiki. Kadi tuma kwa ajili ya uzuri. Ujumbe wa maandishi ndio wa kutembelea, na mzazi anaweza kumtumia yeyote atakayempeleka mtoto bila kuongeza neno.

Jumamosi asubuhi tuma tena lokesheni ile ile, maana ya wiki iliyopita imeshafunikwa na salamu za kundi. Ongeza ombi moja: kila mzazi ataje nani atakuja kumchukua mtoto jioni. Baba Amani ayaandike majina hayo kwenye karatasi na kukaa nayo getini kuanzia saa 11 na nusu. Anayekuja na jina lisilokuwemo asubiri hapo nje hadi mzazi apigiwe simu, hata kama mtoto anamkimbilia akimwita anko.