Taa ya Sola na Orodha Isiyouza

Juu ya boksi la taa ya sola kumeandikwa hivi: paneli ya wati 1.5, betri ya lithiamu-chuma-fosfeti, volti 3.2, miliampia-saa 1,500, mwanga lumeni 120, 50 na 20, muda hadi saa 24, tundu la USB, IPX4, waya mita 5, dhamana miaka 2. Mama anayeuza samaki wa kukaanga pembeni mwa stendi huligeuza boksi, hulirudisha mezani, kisha huuliza swali moja: "Itafika saa ngapi?"

Jibu limo humohumo kwenye boksi, ila hakuna aliyelitafuta. Taa yenyewe ni ya mfano na hapa haina chapa, lakini namba zake ni za kawaida kwa taa za ukubwa huo. Anayepewa kazi ya kuigeuza orodha hiyo kuwa tangazo hudhani kazi yake ni kupamba maneno. Kwa kweli, nusu ya kwanza ya kazi ni hesabu.

Aanze na betri. Volti 3.2 mara ampia-saa 1.5 ni wati-saa 4.8, na hiyo ndiyo akiba yote ya usiku mmoja. Kwenye lumeni 120, taa ya namna hii hula takriban wati 1.2, kwa hiyo akiba inaisha baada ya saa nne. Kwenye lumeni 50 inafika saa kumi. Saa 24 zilizotajwa kwenye boksi zinapatikana kwa lumeni 20 tu, mwanga wa kumwonyesha mtu njia ya kwenda msalani.

Hapa ndipo matangazo mengi ya taa huharibika. "Lumeni 120" ni kweli, na "hadi saa 24" ni kweli, ila haviji pamoja. Vikiwekwa bega kwa bega bila maelezo, mnunuzi huondoka akiamini atapata mwanga mkali hadi kesho jioni. Usiku wa kwanza, saa nne, taa inafifia mteja akiwa bado mezani, na jirani wa meza ya pili anasikia habari hiyo kabla ya kulala. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mtunzi ni kutotaja muda bila kutaja ni kwa mwanga upi.

Namba ya lumeni nayo peke yake haimwambii mtu kitu. Mnunuzi anakijua koroboi, ambacho hutoa takriban lumeni 10 pamoja na moshi wake. Ukimwambia mwanga wa kati wa taa hii ni kama wa koroboi tano, ameshaelewa. Kinachomdanganya ni idadi ya balbu. "Taa yenye balbu 24" inasikika kubwa, ilhali balbu moja nzuri ya LED inaweza kuzishinda 24 hafifu. Balbu hazihesabiwi kwenye tangazo la mtu makini.

Halafu jua. Paneli ya wati 1.5, ikipata saa tano za jua kali, ingeleta wati-saa 7.5. Joto la bati, vumbi, mwelekeo wa paneli na upotevu wa umeme njiani huweza kula theluthi nzima, zikabaki tano hivi. Zinatosha kuijaza betri kwa siku moja nyeupe. Siku ya masika yenye mawingu mazito, paneli ikileta theluthi moja ya hapo, usiku una saa tatu na ushee za mwanga wa kati. Watengenezaji wengi hulificha jambo hili. Lakini mnunuzi wa Bukoba au Kisii anaijua mvua kuliko mwandishi wa tangazo, na tangazo lisiloitaja mvua humfanya ashuku hata yale yaliyo kweli.

Kitu kinachopuuzwa kuliko vyote kwenye orodha ile ni waya wa mita 5. Mhandisi ameuandika karibu na mwisho kana kwamba ni aibu. Kwa mwenye nyumba, waya huo maana yake paneli inakaa juu ya bati na taa inachajiwa ndani, mlango umefungwa. Taa iliyoachwa uani kuota jua mchana kutwa inahitaji mlinzi. Huenda mita hizo tano zikauza taa nyingi kuliko lumeni zote 120.

Tundu la USB ndilo mtego. Kila mtu anatamani kuandika "Chaji simu yako!" Lakini betri ya kitochi ina takriban wati-saa 3.7, na ukijumlisha upotevu wa kuhamisha umeme, kukijaza kunamaliza karibu akiba yote ya taa. Simu ya kupangusa yenye miliampia-saa 4,000 inataka zaidi ya mara tatu ya akiba hiyo. Ahadi ya kweli ni ndogo, lakini bado inafaa: kitochi kikijazwa nusu, taa iliyokuwa imejaa inabaki na saa tano za mwanga wa kati.

Baada ya hesabu hiyo tangazo linaanza kujiandika. Kwa mama wa samaki linaweza kuwa hivi:

"Meza yako isifungwe na giza. Taa hii huwaka kwa mwanga mkali kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, bila mafuta na bila moshi. Ukipunguza hadi mwanga wa kati, sawa na koroboi tano, chaji hiyohiyo hufika saa kumi. Paneli weka juu ya bati. Waya wa mita 5 unaingia ndani, taa yako iko salama. Siku ya mawingu mazito tumia mwanga wa kati, tarajia saa tatu. Kitochi kijaze nusu, utabaki na saa tano. Rasharasha za mvua haziidhuru, ila usiitumbukize majini. Ikiharibika ndani ya miaka 2, irudishe hapa na risiti."

Hiyo IPX4 imekuwa rasharasha za mvua, kwa sababu kipimo hicho kinahusu maji yanayorushwa kutoka pande zote, si kuzama. Dhamana nayo imepata mahali pa kurudishia. Aina ya betri haimo kabisa, na hilo ni sawa. Kama mnunuzi angekuwa mzazi wa mtoto wa darasa la saba, sentensi ya saa kumi ingepanda juu na ile ya meza ingeondoka.

Si lazima mtunzi aamini namba za kiwandani. Lighting Africa, mpango wa Benki ya Dunia na IFC ulioanza mwaka 2007, ulizaa viwango vya ubora vinavyodai, pamoja na mengine, kwamba kinachotangazwa kilingane na kilichopimwa maabara. Kazi hiyo sasa iko chini ya VeraSol, inayochapisha majina ya bidhaa zilizofaulu. Kwa taa isiyomo humo, mtunzi aichaji siku nzima, aiwashe jioni kwa mwanga mkali na kutazama saa. Ikifa baada ya saa mbili, hakuna maneno ya kuirekebisha.

Orodha ya zamani haitupwi. Inahamia nyuma ya boksi kwa herufi ndogo, na volti 3.2 lazima zibaki zinasomeka: miaka kadhaa baadaye fundi atakayebadilisha betri ataiangalia namba hiyo, asije akaweka ya volti 3.7, ambayo chaja ya taa hii haitaijaza ipasavyo.